Rangi ya UV imeng'aa kwenye kompresa ya Ist: ni kompresa kweli, au tumeangalia haraka?

#1 Mkazi wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota Ist ya 2004, injini 1NZ. AC yake gesi haikai. Tangu Desemba imejazwa mara 3, na kila ikijazwa inapoza vizuri wiki mbili, ya tatu inaanza kutoa upepo wa kawaida.

Mara ya mwisho fundi aliweka rangi ya UV pamoja na gesi, akaniambia nitembelee gari siku 4 kisha nirudi. Niliporudi alifungua boneti mchana, chini ya mwembe, akamulika tochi ya buluu. Kompresa ilikuwa na kijani juu na ubavuni. Akasema kompresa imekwisha, nitafute nyingine Ilala.

Swali langu ni moja: kijani kikionekana juu ya kompresa, ndiyo tayari ushahidi kwamba kompresa inavuja? Kabla ya kujaza alivuta vakyumu nusu saa na mshale wa geji haukurudi.

#2 Shaurimoyo

Mkuu, rangi haidanganyi. Inatoka pale gesi inapotoka. Kama iko kwenye kompresa basi ni kompresa, usizunguke. Ukitaka kuridhika, ongeza rangi chupa nzima ili ing'ae zaidi, utaona hata usiku bila kuhangaika.

#3 Fundi Baridi

Shaurimoyo, nusu ya kwanza nakubaliana nawe, iliyobaki hapana.

Rangi imechanganyika na oili ya kompresa, na oili husafiri na gesi. Gesi ikitoka kwenye tundu, oili kidogo hutoka nayo. Gesi inapotea hewani, oili yenye rangi inabaki pale nje. Ndiyo maana tunamulika. Lakini oili haikai ilipotokea. Inatiririka chini, na feni ya kondensa inaivuta kutoka mbele kuipuliza kwenye injini. Uvujaji unaweza kuwa kwenye maungio ya bomba juu ya kompresa, au kwenye kondensa mbele yake, na kompresa ikapakwa bila kosa. Kijani kinakwambia oili imefika pale. Ilikotoka unatafuta kwa kupanda: shika doa la juu kabisa na la mbele kabisa, halafu uliza kuna nini juu yake.

Kuna jambo jingine. Fundi akichomoa hozi ya kujazia, matone yenye rangi yanabaki kwenye mdomo na kudondoka chini. Kama hakuyafuta, siku 4 baadaye unayaona na kudhani ni uvujaji.

Mkazi, tuambie mambo mawili. Alisafisha eneo baada ya kujaza? Na kijani unakiona mbele kwenye puli na klachi, au nyuma kwenye maungio ya mabomba?

#4 Fundi Baridi

Nimesahau la chupa. Chupa nyingi za rangi ni za magari kadhaa. Gari dogo linahitaji kama mililita 7.5, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Ukimimina chupa nzima unaizimua oili ya kompresa, na ikivuja inatapakaa kila mahali mpaka usijue tundu liko wapi. Rangi nyingi haiongezi ushahidi, inaufuta.

#5 Mkazi wa Tegeta

Shukrani Fundi Baridi. Hakusafisha, alichomoa hozi akafunga kifuniko. Kijani kiko zaidi nyuma, pale mabomba mawili yanapoingia kompresa, halafu kimeshuka ubavuni. Mbele kwenye puli sikuangalia, ni pembamba pale, tochi haikuingia.

#6 Kijana wa Temeke

Na mimi AC yangu kwenye foleni ya Mandela inakuwa ya moto, nikitembea inapoa. Niweke rangi?

#7 Dada Spana

Kijana, hilo ni tatizo lingine. Ukisimama hakuna upepo wa kupoza kondensa, kwa hiyo kagua kwanza feni na uchafu kwenye mapezi. Rangi haina kazi pale, fungua uzi wako tukusaidie.

Kwa Mkazi: kijani mahali mabomba yanapoingia kompresa ni habari njema. Pale kuna oringi, spea ya bei ya maji. Bomba linashikwa na boliti moja na oringi imebanwa katikati. Ikikauka, au kama mtu aliyefungua zamani alirudisha ile ya zamani, gesi inapenya taratibu. Ila usiniamini bado, maana hata sili ya shafti huchafua upande huo.

#8 Mzee wa Boneti

Mnakimbilia AC wote. Injini ya 1NZ ina wotapampu upande ule ule wa mkanda, na inajulikana kwa kuvuja. Kulanti nyingi za rangi ya kijani zinazouzwa madukani zinang'aa vizuri tu chini ya tochi ya UV, kwa sababu nazo zimewekewa rangi. Wotapampu ikitema, mkanda unarusha matone kila upande, na kompresa iko jirani. Kabla ya kununua chochote, angalia kama tangi la akiba la radieta linapungua.

Kuna kipimo cha haraka: futa doa kwa kitambaa chenye maji. Kulanti itayeyuka na kutoka yote. Oili haitoki.

#9 Shaurimoyo

Hapo Mzee umenikumbusha. Nimeona Vitz moja watu wamebadilisha kompresa kumbe ni kulanti.

#10 Fundi Baridi

Hoja ya Mzee ni nzuri, naichukua. Ila kipimo cha kitambaa hakitoshi. Oili ya PAG ya gari hizi inapenda maji, inayanyonya, na kwa kitambaa chenye maji doa lake linapungua pia. Mtu anaweza kusema "imetoka, ni kulanti" akajidanganya. Pima kwa vidole: oili ya AC inateleza na haikauki, kulanti ikikauka inaacha ukoko, wa waridi au wa kijani kulingana na ulichojaza. Halafu funga pampu ya kupimia radieta, ipe mgandamizo ulioandikwa juu ya kifuniko cha radieta, uone kama unashuka. Dakika 15 utajua.

#11 Naitrojeni

Nimewasoma wote. Hakuna aliyegusa jambo la vakyumu aliloandika mleta uzi, na ndilo linalowapotosha wateja.

Vakyumu kushika nusu saa hakuthibitishi kwamba hakuna uvujaji. Ukivuta hewa yote, tofauti kati ya ndani na nje haizidi psi 14.7, na inasukuma kwenda ndani. AC ikifanya kazi kwenye joto letu la Februari, upande wa juu unapata psi 220 hadi 250 zikisukuma kwenda nje. Tundu dogo linaloziba likivutwa ndani hufunguka likisukumwa nje.

Ningetoa gesi yote kwa mashine ya kurudishia, nikaweka naitrojeni kavu psi 150, bila kuzidi, nikafunga valvu za geji na kuacha saa 2. Mshale ukishuka napaka maji ya sabuni kwenye kila ungio. Gesi yake inapotea kwa wiki tatu, huo ni uvujaji mkubwa, povu litaonekana. Rangi ni ya uvujaji wa miezi.

Msitumie kompresa ya upepo ya gereji. Hewa ile ina maji, na oksijeni chini ya mgandamizo pamoja na oili inaweza kulipuka.

#12 Dada Spana

Naitrojeni uko sahihi kuhusu vakyumu. Ila povu halifiki mahali ambapo mkono haufiki. Evaporeta iko ndani ya dashibodi. Utapaka sabuni wapi?

#13 Naitrojeni

Kwa evaporeta naziba njia mbili za bomba kwenye ukuta wa injini na kuipima peke yake. Nakubali ni kazi, lakini mwisho unajua.

#14 Mama Aqua

Jamani naomba kuuliza nikiwa nawafuatilia. Gari langu ni Aqua, fundi anataka kuniwekea rangi hiyo hiyo. Ni salama?

#15 Fundi Baridi

Dada, subiri kwanza. Aqua ni haibridi, kompresa yake inaendeshwa kwa umeme wa volti nyingi na waya za mota zimelala ndani ya oili. Oili yake ni ND-OIL 11, jamii ya esta, haipitishi umeme. Oili ya PAG inapitisha, na hata kiasi kidogo kinaharibu kinga ya umeme. Gari likigundua linakuandikia P0AA6 na linaweza kukataa kuwaka.

Kwa hiyo mwambie fundi akuoneshe chupa. Lazima imeandikwa kwamba ni ya haibridi na kibebeo chake ni esta. Na hozi zake zisiwe zimetumika kwenye magari ya kawaida bila kusafishwa, kwa sababu oili inabaki ndani ya hozi. Akisita, achana naye, tumia kipimo cha elektroniki cha kunusa.

#16 Mama Aqua

Asante sana, nimempigia sasa hivi nimemzuia.

#17 Mkazi wa Tegeta

Wakuu, nilikuwa barabarani. Tangi la radieta halijapungua tangu Novemba, na kulanti yangu ni ya waridi. Kabla ya kuwasha leo asubuhi niliweka geji, joto lilikuwa nyuzi 28. Pande zote mbili zinasoma psi 60. Hiyo inamaanisha nini?

#18 Fundi Baridi

Inamaanisha gesi iliyo kimiminika imekwisha, imebaki mvuke tu. R134a iliyolala kwenye nyuzi 28, maadamu kuna tone la gesi kimiminika ndani, inasoma karibu psi 90. Ikisoma chini ya hapo hakuna tena kimiminika. Lakini usiigeuze kinyume: psi 90 haimaanishi gesi imejaa. Gari lenye gramu 150 na lenye gramu 400 yote yatasoma karibu sawa asubuhi. Kiasi kinajulikana kwa mizani tu, na uzito sahihi uko kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kwa hiyo hata ukimulika leo, gesi iliyobaki haitoshi kuzungusha oili. Swichi ya mgandamizo mdogo nayo huenda ikakata klachi muda wowote. Rangi kwenye mfumo mtupu haitembei. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanamimina rangi gari likiwa tupu, wanamulika, hawaoni kitu, wanasema hakuna uvujaji.

#19 Shaurimoyo

Sawa, kwa hiyo afanyeje sasa? Mnatoa nadharia tu.

#20 Fundi Baridi

Utaratibu ni huu Mkazi, na ukifuatwa unachukua siku mbili tatu.

Kwanza osha. Maji ya vuguvugu na sabuni kwenye kompresa, mabomba na uso wa kondensa, kisha spirei ya kusafishia breki kwenye kila ungio, isipokuwa kwenye mkanda na klachi. Midomo ya kujazia ipulizwe kwa hewa ndani ya kifuniko, maana tone moja la zamani pale litakudanganya. Subiri ikauke, kisha mulika kabla ya kujaza. Lazima eneo liwe jeusi kabisa. Kama bado kinang'aa, hukusafisha, rudia. Wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana wanakuta uvujaji wa mwaka jana.

Pili, mvuke uliobaki utolewe kwa mashine ya kurudishia, vakyumu dakika 30, kisha jaza uzito wa kwenye kibandiko. Usiongeze rangi. Iliyowekwa mara ya mwisho bado iko ndani ya oili.

Tatu, ukichomoa hozi, funga mdomo kwa kitambaa wakati unaichomoa, futa, mulika tena. Injini iende mizunguko 1,500 kwa dakika, AC ya mwisho, feni ya juu, dakika 20. Halafu tembelea gari siku 2. Uvujaji wako unakula gesi kwa wiki tatu, utaonekana haraka.

Nne, mulika usiku. Mwembe haufai. Zima taa, vaa miwani ya njano inayouzwa na tochi, hiyo ndiyo inatenganisha kijani halisi na mng'ao wa buluu wa tochi yenyewe. Tumia kioo kidogo chenye mpini kwa chini ya mabomba.

#21 Mzee wa Boneti

Tochi inapatikana wapi? Kariakoo wanauza zile za kukagua noti.

#22 Shaurimoyo

Za noti zinafanya kazi, mzee. Ndogo lakini gizani zinatosha.

#23 Fundi Baridi

Zinafanya kazi kwenye doa kubwa. Doa dogo unalipitia. Kama utanunua, tafuta iliyoandikwa nanomita 395 au karibu yake na yenye taa kadhaa, halafu ijaribu palepale kwa kumulika lebo ya rangi.

#24 Dada Spana

Naongeza la klachi kwa sababu Mkazi alisema tochi haikuingia. Kama sili ya shafti ndiyo inavuja, oili inatoka katikati, na puli inayozunguka inairusha kwa nje kama mtu anayekung'uta mwavuli. Kwa hiyo hutaona doa tu, utaona mstari. Tafuta mstari mwembamba wa matone kwenye chuma cha bodi kilichosimama sambamba na puli, na duara linalong'aa kwenye uso wa klachi. Ukiona mstari huo na maungio ya nyuma ni makavu, hapo nakubali ni kompresa. Ukiona maungio yanang'aa na mstari haupo, anza na oringi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiamini. Doa lenyewe halinitoshi.

#25 Naitrojeni

Bado nasema naitrojeni ingemaliza kazi jana. Lakini endeleeni, nataka kuona.

#26 Mkazi wa Tegeta

Nimerudi, siku 3 baadaye. Niliosha, nikamulika, ikabaki mng'ao kidogo kwenye kona ya bomba, nikarudia mara ya pili hadi ikawa nyeusi. Nilijaza kwa mizani uzito wa kibandiko. Nimetembea Tegeta hadi Posta, siku 2 zote foleni.

Jana usiku nimemulika na miwani:

Klachi na puli: hakuna kitu. Bodi sambamba na puli: hakuna mstari.

Ungio la bomba kubwa linaloingia kompresa: pete nyembamba ya kijani inayozunguka ungio, na chini yake mteremko wa kidole kimoja. Kwenye bomba dogo: safi.

Kondensa: safi, isipokuwa kona ya chini kushoto, doa la saizi ya punje ya mtama ambalo sina uhakika nalo.

Halafu nikajaribu la evaporeta alilotaja Dada Spana, ingawa hakuliomba. Nilitega tishu nyeupe chini ya bomba la maji ya AC, baada ya dakika 10 ikalowa, nikamulika. Naona kijani hafifu sana. Kimoja au viwili vidoa, si tishu yote.

#27 Dada Spana

Hiyo ya tishu ilikuwa hatua yangu inayofuata, umenitangulia. Kama maji ya dripu yana rangi, basi oili imetoka ndani ya kasha la evaporeta, maana maji yale hayapiti mahali pengine. Ungio la evaporeta na valvu yake ya kupanulia nalo liko ndani ya kasha, kwa hiyo inaweza kuwa oringi za pale na si evaporeta yenyewe. Ila vyote viko nyuma ya dashibodi.

#28 Fundi Baridi

Dada, hapana, usikimbilie. Tishu yenye vidoa viwili hafifu ni tofauti na tishu yenye mduara unaoendana na tone. Ameshika nini kabla ya kushika tishu? Kama alikuwa na glavu zile zile alizotumia kwenye ungio la bomba kubwa, vidoa vinatoka kidoleni. Rangi hii ikigusa kitu haitoki kwa kufuta tu.

Rudia, Mkazi. Glavu mpya, tishu mpya, tishu ya pili iwe kavu pembeni kama ya kulinganisha, mulika zote mbili pamoja. Ile ya kulinganisha ikiwa na vidoa, umepata jibu. Kama ni safi na ya dripu ina kijani kilichosambaa na maji, nitakubaliana na Dada.

#29 Shaurimoyo

Kwa hiyo sasa ni oringi, si kompresa? Kuna dawa fulani ya kuziba uvujaji, inawekwa na gesi, inaziba yenyewe. Angemaliza kwa hilo.

#30 Naitrojeni

Usimwambie mtu hilo. Dawa hiyo inaganda ikikutana na unyevu, na ndani ya AC daima pana unyevu kidogo. Inaziba valvu ya kupanulia, na mashine ya kurudishia gesi ya fundi atakayefuata inaharibika. Mafundi wanaojali mashine zao watamkatalia kabisa.

#31 Mzee wa Boneti

Kondensa hamjaizungumzia. Hapa Dar hewa ya chumvi inakula alumini, hasa magari ya huku ufukweni. Doa la punje ya mtama kwenye kona ya chini ni pale pale maji na matope yanapokaa. Mimi naweka dau kwenye kondensa.

#32 Fundi Baridi

Mzee, inawezekana. Doa dogo kwenye kondensa linaweza kuwa mwanzo wa tundu. Linaweza pia kuwa mdudu. Kuna wadudu ambao mabaki yao yanang'aa, nayo yamejaa mbele ya kondensa ya gari linalotembea usiku. Likwanguliwe kwa kucha. Likitoka kama ganda ni mdudu, likipakaa ni oili. Lisafishwe, arudie kumulika kesho.

Kuhusu oringi, Mkazi: toa gesi kwa mashine ya kurudishia, usiifungulie hewani. Fungua boliti moja, toa bomba, angalia kitako cha oringi. Kama kuna mkwaruzo kwenye alumini, oringi mpya haitashika muda mrefu. Tumia oringi ya AC, mpira wa HNBR, yenye kipenyo kile kile na unene ule ule. Rangi yake ya kijani au nyeusi haithibitishi chochote, uliza aina ya mpira. Ipake oili ya kompresa safi, si grisi. Boliti ikaze takriban Nm 10, ni kama kukaza kwa spana fupi hadi ikamate na kidogo tu zaidi. Wanaoikaza kwa nguvu ndio wanaovunja uzi wa alumini.

Halafu vakyumu tena, jaza kwa mizani, safisha ungio, mulika. Oringi ya lile bomba kubwa ikiwa ndiyo chanzo, mara hii pete haitarudi.

#33 Kijana wa Temeke

Wakuu, nilisafisha mapezi ya kondensa, AC inapoa hata foleni. Asanteni.

#34 Dada Spana

Vizuri Kijana. Umetusaidia kukumbuka kwamba si kila kitu ni gesi.

Fundi Baridi, mimi bado nashikilia evaporeta. Wiki mbili za baridi na wiki ya tatu kuishiwa ni haraka kidogo kwa pete nyembamba ya oringi. Pete nyembamba na kidole kimoja cha mteremko kwa siku 2 ni uvujaji wa wastani. Lazima kuna njia ya pili.

#35 Fundi Baridi

Huwezi kupima kasi ya gesi kwa ukubwa wa doa. Oili inayotoka inategemea mahali. Upande wa bomba kubwa, gesi inarudi ikiwa mvuke, kwa hiyo doa linaweza kuwa dogo na gesi ikawa imekwenda nyingi. Evaporeta ingekuwa inavuja sana, tishu ingekuwa kijani yote.

#36 Naitrojeni

Na ndiyo maana nasema pima. Gramu. Arekodi uzito wa kujaza leo, wiki mbili baadaye gesi yote irudishwe kwenye mashine, isomwe imebaki ngapi. Kama amebadilisha oringi na bado zinapungua gramu 150, Dada yuko sahihi au Mzee yuko sahihi. Kama zimepungua gramu chache, Fundi.

#37 Mkazi wa Tegeta

Nimeelewa. Oringi nimeipata Gerezani, muuzaji anasema ni ya HNBR, nimeichukua na ya bomba dogo pia. Tishu nimerudia asubuhi na glavu mpya. Ya kulinganisha ni safi. Ya dripu ina doa moja, hafifu, upande mmoja tu, kama ilivyokuwa. Doa la kondensa limetoka kama ganda nilipolikwangua, lakini chini yake alumini imepauka.

Jumamosi nafungua ungio. Nitaleta picha za kitako cha oringi na namba ya mizani. Kwa sasa sijaagiza kompresa.

#38 Dada Spana

Piga picha ya tishu pia, ukimulika kwa umbali uleule mara zote. Na Jumamosi, kabla ya kufungua, weka tishu nyingine kwa dakika 30 badala ya 10. Doa likikua kadiri maji yanavyozidi, halitokani na kidole.

#39 Mzee wa Boneti

Na hiyo alumini iliyopauka, ipitishe tena tochi baada ya kuisafisha. Mimi sijaacha kondensa.